Nataka kutoka ku grupu ya bamama ba avenue yetu ya zamani bila kukasirisha mtu, niandike namna gani?

Mama_wa_Nguba

Jambo wandugu. Nilikaa Kadutu, hapa Bukavu, miaka 11, na pale ku avenue tuko na grupu ya bamama ya kusaidiana, tulianza 2017 tukiwa 14 na leo tumefika 43. Mtu akifiwa na mzazi, bwana ao mtoto kila mmoja anatoa dolari 5, akizaa tunatoa 2. Zamani mama sekreteri alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake, sasa kila kitu kinapita ku WhatsApp.

Mwaka jana tulihamia Nguba. Mimi ni muuguzi, nafanya gardi za usiku, narudi saa mbili asubuhi nataka kulala, na ile grupu tangu saa kumi na moja ni maombi, video za mapasta, mtu anauza samaki, mtu anatafuta mtoto wa kazi, mpaka simu inapata moto. Nimechoka kabisa. Lakini kila nikitaka kubonyeza Quitter le groupe mkono unarudi nyuma, juu miezi saba iliyopita mama yangu alikufa, wale bamama walinitolea dolari 210, walipika, walilala kwangu siku tatu juu ya mikeka. Sasa nitoke namna gani bila waseme huyu alikula yetu akaenda?

Nilijaribu kuandika hii, sijaituma bado popote, niambieni kama iko sawa:

"Jambo bamama wapendwa, samahani sana sana kwa hii mesaji, najua wengine watakasirika lakini munielewe, juu ya kazi nyingi na pia simu yangu inajaa haraka juu ya video, na pia sasa niko mbali, nimeona nitoke ku grupu kwa muda, siko na shida na mtu, wale wanafikiri niko na shida na wao wajue hapana, Mungu awabariki."

Kijana_Essence

Dada unajisumbua bure. Tangu 2022 ukitoka ku grupu ya WhatsApp hakuna mtu anaona, ile maneno "fulani ametoka" haitokei tena kwa wote. Toka saa sita ya usiku wakati wamelala, kesho wataendelea na samaki yao, watakuja kukumbuka kisha mwezi.

Sekreteri_wa_Zamani

Kijana uko na nusu ya ukweli. Kwa wote haitokei, lakini ma adimini wanaona. Halafu mtu yeyote akifungua habari za grupu akashuka chini ku orodha ya watu, kuko mahali panaonyesha wale walitoka siku 60 za nyuma. Grupu ya bamama 43, niambie, mama wa Nguba, adimini ni wangapi?

Mama_wa_Nguba

Sita.

Sekreteri_wa_Zamani

Sita. Basi wa kwanza akiona saa kumi na mbili asubuhi, saa moja kisima kizima kinajua. Na kutoka kimya ku grupu ya kusaidiana kunasema kitu kibaya kuliko mesaji yoyote ungeandika. Mimi nilishika kalamu ya mitueli moja hapa Bagira miaka tisa, niliona watu wanaenda kwa namna zote, na wale walitoka usiku njo tulikuwa tunaongea juu yao mwaka mzima.

Papa_Likelemba

Hii ni shida yangu kabisa!! Mimi pia niko ku likelemba ya watu kumi, dolari 20 kila mwezi, nilipokea yangu 200 mwezi wa tatu, sasa tuko mwezi wa sita nimeishatoa na nataka kutoka, wananiambia siwezi. Kwa sheria gani? Si kila mtu ako huru kutoka ku grupu?

dada_Panzi

Papa, we unauliza simu ao unauliza deni? 😂

Sekreteri_wa_Zamani

Papa, mambo yako si sawa na ya dada. Likelemba ni zamu. Ulipokea makuta ya wenzako tisa mbele wao wapokee, na kuna wanne bado hawajapata: mwezi wa saba, wa nane, wa tisa na wa kumi. Hapo unadaiwa 20 mara nne, 80. Ukitaka kutoka ku simu toka leo, lakini ile 80 inabaki, na mtu wa mwezi wa kumi njo atakutafuta mpaka nyumbani. Unaweza kuitoa yote mara moja ao kuleta mtu wa kukaa mahali pako, wenzako wakimukubali.

Ya dada ni tofauti. Ile dolari 5 ya kilio haiko akiba, ilishaliwa siku ile ile kwa jeneza na mchele. Hakuna mtu anamudai 210. Kitu anadaiwa ni vilio vilitokea kisha cha mama yake kama kuko ambavyo hajatoa. Dada, viko?

Mama_wa_Nguba

Viko viwili. Tangu mama aende tumepata vilio sita, nilitoa vinne, viwili vya mwezi uliopita nilikuwa sijalipwa. Kwa hiyo dolari 10. Kusema kweli nilikuwa nafikiri nikitoka vinajifuta.

Sekreteri_wa_Zamani

Havijifute. Daftari halitoki ku grupu na wewe.

Lushois_wa_Katuba

Miye niko Lubumbashi, bile byenu biko sawa na byetu tu. Nilitoka ku grupu ya ba-ndugu upande wa baba, niliandika paka maneno tatu "nimetoka, mubakie salama", mbele dakika moja iishe nilikuwa nimeshatoka. Mama! Shangazi alinipigia, mukubwa wa baba alinipigia, mujomba ako Likasi alipigia muke wangu kumuuliza kama niko mugonjwa wa kichwa. Mpaka leo ku sikukuu banasema "ule wa kutoka". Na hata sikuwa na hasira, nilikuwa nakosa mega.

Kijana_Essence

Lakini si kuna dawa ya bila kutoka? Unaweka grupu kimya, kuko masaa 8, wiki moja ao daima, halafu unabonyeza Archiver, inashuka kule inabaki kule hata mesaji ikiingia. Unazima na ile kupakua video peke yake. Mega zinapona, usingizi unapona, hakuna aliyekasirika. Hii si nusu, hii ni yote 😎

Sekreteri_wa_Zamani

Hapo nakupigia mkono. Kama shida ya dada ni kelele, jibu ni hilo na uzi unaisha. Ukishaificha hivi utasikia mlio tu wakikutaja jina na ile alama ya @ ao wakijibu mesaji yako. Dada jaribu kwanza, ni dakika mbili.

Mama_wa_Nguba

Nilishafanya, yaya. Kelele zilipungua kweli. Lakini haiko kelele peke yake. Ukiwa ndani unahesabiwa, kilio kikitokea jina lako liko ku orodha na mbele ya jina kuko pengo, wanaituma ile orodha kila siku mpaka wote wametoa. Na mkutano wa Jumapili ya kwanza usipoenda ni amende ya 1000 franga. Halafu huku Nguba bamama wa avenue walikuja kunipokea na sabuni na sukari, wakaniingiza ku yao, inatoa vile vile. Vilio viwili kila upande ni dolari 20 ku wiki moja, mshahara wangu haujui hivyo.

Sekreteri_wa_Zamani

Ehe. Sasa umesema. Sababu yako ni kwamba huwezi kutoa pande mbili, na hiyo hauko umeiandika ku mesaji yako hata kidogo. Umeandika kazi nyingi, simu kujaa, na umbali, tatu, na ya nne ya kweli umeificha. Sababu moja watu wanaiamini, ukipanga tatu wanaanza kutafuta ya nne wenyewe na wataipata vibaya.

Nikuelezee vile wale bamama watasoma. Kwa ile miaka yangu niliona kwamba mtu akiaga ku grupu ya kusaidiana wengine wote wanajiuliza vitu vitatu na hakuna anauliza kwa sauti: amekasirikia nani? ameacha deni? na mimi nikifiwa atakuja ao ndio imeisha? Mesaji ikijibu hizo tatu wanakuacha uende. Yako haijibu deni, haijibu kilio, na ile ya hasira umeijibu kwa namna ya kuiwasha. "Wale wanafikiri niko na shida na wao" — dada, mbele uandike hivyo hakuna mtu alikuwa anafikiri, sasa wanne wataanza kuhesabu siku ya mwisho mliongea.

Na "video" itoe. Wewe unajua nani anatuma video, yeye pia anajijua.

dada_Panzi

Kweli. Kwetu ku kwaya mtu aliandika anatoka juu "mesaji ni mingi ya kupita kipimo", na mama mmoja anatumaga zaburi kila asubuhi aliacha kuimba majuma mawili. Hawakuwa hata wamegombana.

Lushois_wa_Katuba

Na "kwa muda" je? Miye naona ni ya adabu, haifungi mlango.

Sekreteri_wa_Zamani

Kama utarudi, andika. Kama hautarudi, adimini ataisoma vile ilivyo na mwezi ujao atakurudisha ndani akifikiri anakutendea mema. Sasa utatoka mara ya pili, na ya pili njo inauma. Uongo mwingine wa kuogopa ni ule wa simu imeharibika. Jioni wanaona umeweka status ya keki.

Papa_Likelemba

Na kama yule wa mwezi wa kumi ni shemeji yangu? Bado ni 80?

dada_Panzi

Hapo ni 80 na mbuzi.

Mama_wa_Nguba

😂 Sawa yaya, nianze wapi?

Sekreteri_wa_Zamani

Anza mbali na simu ya grupu. Tuma dolari 10 kwa mama sekreteri, ku M-Pesa ao mkononi, na umuombe akuandikie "nimepata". Ile ni kwa ajili yako. Kisha umpigie mama prezida, umpigie kabisa, usimuandikie, umueleze vile ulitueleza hapa, mbele mtu mwingine asikie. Mukubwa akikuta habari yako ku grupu sawa na watu wote, hata kama maneno ni asali, ataona umemupita. Na akishajua yeye, njo atakuwa wa kwanza kukujibu vizuri, na wengine watafuata sauti yake. Nimeona hiyo mara nyingi kuliko vidole: jibu la kwanza chini ya mesaji ya kuaga njo linachora njia ya mengine yote.

Angalia pia siku. Leo hakuna kilio ku avenue yenu?

Mama_wa_Nguba

Kuko. Bwana ya mama mmoja, walizika jana. Nilitoa yake, hiyo iko nje ya zile mbili.

Sekreteri_wa_Zamani

Basi ungoje. Mpaka watoe matanga na watu warudi kwao, uongeze siku tatu nne. Mtu akiaga wakati orodha ya kilio bado iko wazi inaonekana anakimbia orodha, hata kama yeye ametoa.

Kijana_Essence

Mimi naona munamufunga kamba mtu. Ni grupu ya simu jamani! Unaomba ruhusa kwa prezida, unangoja msiba uishe, kilio Kadutu hakiishake, atatoka 2030.

dada_Panzi

We kijana hauna grupu ya kilio, subiri ufiwe.

Kijana_Essence

Nilifiwa. Baba yangu, na grupu ya promosyo yangu ilitoa dolari 15 kwa jumla na maua ya emoji. Njo maana nasema.

Sekreteri_wa_Zamani

Pole kwa baba, kijana. Haujakosa kabisa, kungoja pia kuko na mpaka. Mimi nasema matanga moja, hii iko wazi leo. Ikitokea nyingine mbele uage, utoe hiyo pia na uage hivyo hivyo, ukiandika kwamba umetoa.

Mama_wa_Nguba

Narudi kisha siku tisa. Sekreteri nilimutumia, alijibu "nimepata aksanti mama". Prezida nilimupigia, alinyamaza kidogo halafu akasema "kumbe Nguba wameisha kukuoa", tukacheka, akaniambia niandike mwenyewe asije akasemwa alinifukuza. Nimeandika hii, munipimie:

"Mama prezida na bamama wote, jambo. Tangu tuhamie Nguba niliingia ku grupu ya kusaidiana ya huku, na nimeona siwezi kutoa vizuri pande mbili. Kwa hiyo naomba njia ya kutoka ku grupu yetu. Ile dolari 10 ya vilio viwili nilikuwa nadaiwa nimeshamupa mama sekreteri. Wakati mama yangu alikufa mlilala kwangu siku tatu juu ya mikeka, sitaisahau. Mtu akipata kilio ao furaha aniite kwa namba hii hii, nitakuja. Nitabaki hapa mpaka kesho jioni. Aksanti sana."

dada_Panzi

Iko muzuri. "Naomba njia" imenigusa, ni vile tunasema tukitoka ku nyumba ya watu.

Lushois_wa_Katuba

Miye ile ya mama yako ningeitoa. Inafanana unajitetea mbele bakushitaki. Watu beko banajua.

Sekreteri_wa_Zamani

Mimi ningeiacha, juu amesema mikeka, hakusema makuta. Angeandika "mulinitolea 210" hapo ningekubali na wewe. Lakini hapa kila mtu ana sikio lake.

Kitu kimoja nitabadilisha ni "nitakuja". Wewe uko na gardi. Mwezi ujao watakuita saa mbili ya usiku, utakuwa ku hospitali, na ile neno watakurudishia. Andika "nisipokuwa ku gardi nitakuja". Hakuna mtu anakasirikia gardi.

Halafu bamama wangapi pale hawasomi maandishi marefu?

Mama_wa_Nguba

Kama kumi hivi, wale wakubwa. Wao ni sauti tu.

Sekreteri_wa_Zamani

Basi tuma maandishi, na chini yake sauti ya sekunde 40 unasema vile vile, na majina ya wale wazee wawili watatu ndani. Uiseme ukiwa nyumbani umekaa, usiseme ukiwa juu ya pikipiki, upepo na hooni vinafanya ionekane ulikuwa unapita tu. Jumapili saa kumi ni saa nzuri, watu wametoka kanisa, wamekula, hakuna anaharakisha.

Na kisha kutuma ukae. Ile ya kaka wa Katuba ya kutoka dakika ile ile ni kufunga mlango mtu akiwa anafungua mdomo akujibu. Lakini usikae wiki pia, itakuwa ni kuombwa ubaki. Kesho jioni uliyoandika inatosha. Usijibu kila mmoja, jibu mara moja kwa wote, kisha ubonyeze.

Kijana_Essence

Na mtu akianza kuuliza maswali pale mbele ya wote?

Sekreteri_wa_Zamani

Anamujibu kwa simu yake ya pekee. Mbele ya wote ukijibu swali moja, la pili liko nyuma yake limevaa viatu.

Mama_wa_Nguba

Wandugu nilituma Jumapili. Prezida alijibu wa kwanza kama vile yaya alisema, "mama tunakupa njia, Nguba si Ulaya". Kisha kumi na wengine waliweka mikono ya maombi. Mama mmoja aliandika "walio na makuta wanakaa na walio na makuta", niliumia, nikataka kumujibu, sikujibu. Jumatatu saa kumi na mbili jioni niliandika "aksanti bamama, tutaonana" nikatoka.

Sasa sikilizeni. Jumanne asubuhi narudi ku gardi, nakuta niko ndani tena 😭 Adimini mmoja, yule wa kwenda Uvira kununua samaki, hakuwa na mega siku mbili, aliona nimetoka akafikiri nilibonyeza vibaya. Wote wanaona "fulani ameongeza mama wa Nguba". Nikitoka tena itakuwa mara ya pili ile uliniambia inauma.

Lushois_wa_Katuba

Hahaha pole. Kuko mahali pa kufunga, mu Confidentialité halafu Groupes, unachagua nani anaweza kukuongeza. Unaweka ba-contact bako tu.

Kijana_Essence

Kaka, ile mama ni kontakti yake, itasaidia nini? Kuko ile nyingine ya kontakti zote isipokuwa fulani, unatia jina la adimini pale. Akijaribu kukuongeza simu itamuambia akutumie mwaliko, na ule mwaliko unakufa kisha siku tatu usipoukubali. Hapa niko sawa, nilifanya kwa shemeji.

Sekreteri_wa_Zamani

Uko sawa. Lakini mwaliko ule ukifa yeye ataona umemukatalia. Kwa huyu mama wa samaki mimi ningempigia mbele ya kugusa simu. Umuambie alifanya vizuri, hakuwa anajua, na umuombe akutoe yeye mwenyewe. Adimini akikutoa kisha aandike pale "nilikosea, mama alishaaga", hapo si wewe umetoka mara mbili.

Papa_Likelemba

Wandugu mimi nilitoa 40, nimebakisha 40. Shemeji amekubali kungoja. Nilitaka tu mujue.

dada_Panzi

Bravo papa. Na bado uko ku grupu?

Papa_Likelemba

Niko. Nilikuwa nataka kutoka juu walikuwa wananidai.

Mama_wa_Nguba

Mama wa samaki alicheka sana, alinitoa, akaandika vile. Nikapumua. Ile Ijumaa prezida ananipigia: yule mama aliandika maneno ya walio na makuta, mtoto wa dada yake amekufa, alikuwa anamulea tangu mdogo. Sikuwa na gardi. Nilipanda Kadutu na dolari 5 mkononi. Yeye mwenyewe aliniona, akanishika, hatukuongea kitu.

Mama sekreteri alikuwa amekaa karibu na mlango na daftari, upande wa kushoto wanachama, upande wa kuume wageni. Akapokea ile 5, akaniangalia juu ya miwani, akauliza "nikuandike wapi sasa?"

Sekreteri_wa_Zamani

Ulimujibu nini?

Mama_wa_Nguba

Nilimuambia andika jina tu. Akaliandika katikati, juu ya mstari.